Hadithi Inayozunguka Jambo Lake

Hadithi ninayotaka tuisome haijachapishwa na bado haina jina. Mwandishi wake ameniruhusu kuiweka hapa yote, kwa sharti kwamba asitajwe na kwamba nisimhurumie. Isomwe kwanza.

Hesabu ya nne ilikuwa ya mzingo. Mwalimu alichora mstatili ubaoni, akaandika urefu mita 24, upana mita 15, akageuka.

"Nani atakuja?"

Mikono ikanyooka. Wa Rehema haukunyooka, na Rehema ndiye aliyekuwa wa kwanza kila siku.

"Rehema."

Alisimama. Akakaa.

Huko nyuma mtu akacheka. Rehema alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Tangu asubuhi tumbo lilikuwa linamkata chini ya kitovu, akadhani ni yale maembe. Sasa benchi lilikuwa limelowa. Alipitisha mkono chini ya sketi, akautazama, akaukunja ngumi upesi, akauweka mapajani.

Mwalimu alitazama ile ngumi. Akatazama benchi. Akachukua chaki, akaiweka.

"Hesabu hii haifanyiki ubaoni. Uwanja wetu una urefu gani? Upana je? Tokeni mkapime kwa hatua. Safu ya dirishani urefu, safu ya mlangoni upana. Rehema atabaki kuandika majibu."

Darasa likamwagika nje. Viatu, kelele, vumbi. Mwalimu akaufungua mlango wote, akauegemezea jiwe, akasimama kizingitini akiangalia uwanjani, mgongo kwa Rehema.

"Imeanza leo?"

"Nini, Mwalimu?"

"Umeanguka? Umejikata?"

"Hapana."

"Basi imeanza leo. Si ugonjwa. Itakaa siku chache, itaondoka, itarudi mwezi ujao."

Sweta likapita hewani, likaangukia dawati la mbele. Mgongo haukugeuka.

"Lifunge kiunoni, mikono ya sweta mbele. Pita nyuma ya madarasa uende ofisini. Kabati la huduma ya kwanza, rafu ya chini, kuna pakiti ya bluu. Ufunguo umo mfukoni mwa sweta."

"Na benchi, Mwalimu?"

"Benchi ni la shule."

Rehema akalifunga sweta. Likamfika magotini. Alipopita kizingitini, Mwalimu alisogea pembeni, macho bado uwanjani, akihesabu kwa sauti pamoja na watoto.

Waliporudi wakibishana, benchi la Rehema lilikuwa limelowa lote, na la mbele yake, na la nyuma yake. Ndoo ya maji ilikuwa imelala ubavu.

"Nimemwaga," alisema Mwalimu. "Kaeni popote. Urefu?"

"Sitini na nne, Mwalimu."

"Upana?"

"Arobaini."

"Rehema?"

Rehema alikuwa mlangoni, sweta kiunoni. Hakuwa na daftari.

"Mia mbili na nane," alisema.

Tangu siku hiyo Rehema alijua kwamba kukua si aibu, na kwamba mwalimu mwema ni mzazi wa pili.

Uhakiki tuliofundishwa shuleni ungeanza kwa kuigawa hadithi hii mafungu mawili, fani upande huu na maudhui upande ule, kisha ungeorodhesha: mandhari ni darasani, mhusika mkuu ni Rehema, dhamira ni elimu ya afya kwa mtoto wa kike. Hakuna lililo uongo hapo. Lakini orodha hiyo ingetoka vilevile kwenye kipeperushi cha kliniki, na hadithi hii si kipeperushi. Kinachoitofautisha ni namna inavyokataa kulitaja jambo lenyewe, na jinsi ukataaji huo unavyofanyika katika viambishi, katika vitenzi na katika mambo yaliyorukwa. Nadhani ukataaji huo umeifaa hadithi karibu kila mahali. Kuna sehemu moja tu ulipoigharimu, nami nitafika huko.

Soma tena uone kisichokuwemo. Hakuna neno damu. Hakuna hedhi, hakuna kuvunja ungo, hakuna pedi wala taulo. Hakuna hata rangi ambayo kila mwandishi wa jambo hili huikimbilia, ile ya doa kwenye sketi. Rangi iliyotajwa katika hadithi nzima ni moja tu, bluu, na ni ya pakiti. Matangazo ya televisheni nayo humimina maji ya bluu juu ya taulo za kike, kana kwamba wanawake huvuja wino. Tangazo hufanya hivyo ili mtazamaji asishtuke. Hapa, kwa maoni yangu, sababu ni nyingine. Rehema amekiona kilichoko mkononi mwake, nasi hatukuoneshwa. Tumeoneshwa mkono ukitazamwa na kukunjwa ngumi. Mwandishi amempa msomaji kile tu ambacho mwanafunzi wa dawati la jirani angekiona, na kwa kufanya hivyo ameifunga ile ngumi hata mbele yetu.

Angeweza kufanya kinyume. Angeweza kutuingiza ndani ya kichwa cha Rehema, atuambie moyo ulimdunda, jasho lilimtoka, alitamani ardhi ipasuke immeze. Sentensi hizo tunazijua, ziko tayari kwenye rafu, na kila mmoja wetu amewahi kuziazima. Katika hadithi hii, kabla ya aya ya mwisho, kuna kitenzi kimoja tu cha kufikiri, nacho ni "akadhani". Na alichokidhani si kweli, kwa kuwa alidhani ni maembe. Kwa hiyo mara ya pekee tunapoingia mawazoni mwa mtoto huyu tunakuta kosa, na msomaji anatoka pale akijua zaidi yake. Tangu hapo kuna watu watatu wenye viwango vitatu vya ujuzi: Rehema haelewi, msomaji ameelewa, na Mwalimu bado hatujui. Mvutano wa hadithi umekaa katika nafasi hiyo ya tatu.

Mvutano huo si wa kubuni. Mwaka 2019 magazeti ya Kenya yaliandika habari za msichana wa miaka 14 wa Kaunti ya Bomet aliyejiua; familia yake ilisema mwalimu alikuwa amemwaibisha na kumtoa darasani baada ya nguo zake kuchafuka. Msomaji wa Afrika Mashariki anayesoma "Mwalimu alitazama ile ngumi" anaweza kuwa na habari hiyo, au nyingine inayofanana nayo, nyuma ya kichwa chake. Hajui mwalimu huyu ni wa namna gani. Mwandishi anamwacha katika hali hiyo kwa muda wa sentensi tatu fupi, nazo ndizo bora kuliko zote alizoandika: "Mwalimu alitazama ile ngumi. Akatazama benchi. Akachukua chaki, akaiweka."

Kiambishi -ka- ni mtumishi mkuu wa masimulizi ya Kiswahili. Kazi yake ni kuunganisha tendo na tendo, hili likafuatwa na lile, na kwa kawaida hukimbiza hadithi mbele. Hapa kimetumika kuisimamisha. Kuchukua chaki kungekuwa mwanzo wa kuendelea na somo. Kuiweka ni kulifuta tendo lililotangulia. Matendo mawili yamefanyika na hakuna kilichobadilika mezani. Kilichobadilika ni uamuzi wa Mwalimu, ambao haukutajwa. Umetokea mahali fulani kati ya kuchukua na kuweka, kwenye ile koma. Kama mwandishi angeandika "Mwalimu alielewa kilichotokea, akaamua kumsaidia", tungepata habari ileile na tungekosa kuiona ikitokea.

Mbinu hiyo imetangulia kuonekana juu kidogo kwa upande wa Rehema: "Alisimama. Akakaa." Ni maneno mawili na nukta mbili. Mwandishi asiyejiamini angeyajaza katikati, aeleze kwa nini alikaa. Huyu ameacha nukta ifanye kazi. Halafu ona kwamba Rehema na Mwalimu wote wawili wanaanza tendo na kulirudisha, mmoja kwa mwili wake, mwingine kwa chaki. Sijui kama mwandishi alikusudia ulinganifu huo, na sihitaji kumuuliza. Upo.

Tuje kwenye mazungumzo ya mlangoni, kwa sababu hapo ndipo lugha yenyewe inapoonesha inaweza kuficha nini. Mwalimu anauliza, "Imeanza leo?" Nani kaanza? Kiambishi i- kinatuambia kwamba kuna nomino ya ngeli fulani nyuma ya pazia, na mzungumzaji wa Kiswahili anaijaza mwenyewe bila kuambiwa. Upatanisho wa kisarufi umefanya kazi ambayo nomino ingeifanya kwa aibu. Rehema hana nomino ya kujaza, ndiyo maana anauliza, "Nini, Mwalimu?" Swali lake ni la mtoto aliyepewa kiambishi bila jina lake. Na Mwalimu hampi jina. Anazunguka, anauliza kama ameanguka, kama amejikata, na "hapana" moja inaondoa uwezekano wote wawili, libaki lile lisilotajwa. Kisha anarudia sentensi ileile, safari hii bila alama ya kuuliza: "Basi imeanza leo." Swali limegeuka taarifa kwa kuongezewa neno "basi" tu.

Vitenzi vinavyofuata ni vya mgeni. Itakaa siku chache, itaondoka, itarudi. Hivyo ndivyo tunavyomsema shangazi aliyekuja kutoka mkoani. Ila mgeni angechukua a-, na hapa i- imeshikiliwa mpaka mwisho, kwa hiyo jambo lenyewe linakuwa kitu chenye mwendo wake ambacho si mtu na si ugonjwa. Kama maelezo ya afya, sentensi ina ulegevu kidogo, maana katika mwaka au miaka miwili ya mwanzo mzunguko wa msichana mara nyingi haujatulia, na "mwezi ujao" unaweza kuwa wiki sita baadaye au miezi miwili. Simlaumu Mwalimu. Amesimama mlangoni na darasa zima liko uwanjani linahesabu hatua.

Sasa swali ambalo limewagawa wasomaji niliowasikia wakiizungumzia hadithi hii: je, Mwalimu ni mwanamume au mwanamke? Wengine huapa ni mwanamke, kwa kuwa nani mwingine angejua kitu kiko rafu ya chini? Wengine huapa ni mwanamume, na ushahidi wao ni mgongo. Wote husoma kwa haraka hadi wanapotambua kwamba hadithi haikusema. Kiswahili kinaruhusu jambo hilo bila jasho. Kiambishi a- hakina jinsia, "Mwalimu" ni cheo na ndicho wanafunzi wanachokitamka darasani, na mwandishi alichopaswa kufanya ni kuepuka vitu vichache tu ambavyo vingefichua: jina, ndevu, gauni, kanga. Kanga ndiyo iliyokuwa mtego mkubwa. Ingekuwa kitu cha kwanza kumjia mwandishi yeyote wa kwetu, kwa sababu ndiyo inayofunika kila kitu katika maisha ya wanawake wa pwani na bara, na ingeamua suala mara moja. Ameweka sweta. Sweta halina mwenyewe maalumu. Tunachojua ni kwamba ni kubwa, kwani linamfika mtoto magotini.

Hii inaweza kuonekana kama mchezo wa ujanja, lakini fuata matokeo yake kwenye kizingiti. Mwalimu anafungua mlango wote na kuuegemezea jiwe, kisha anasimama akiwa amempa Rehema mgongo. Ukimsoma kama mwanamume, mlango ule uko wazi ili asionekane amejifungia na msichana, na mgongo ni adabu. Ukimsoma kama mwanamke, mlango uko wazi ili aweze kuona wakirudi, na mgongo ni ulinzi, mwili uliowekwa kati ya mtoto na uwanja. Ni tendo lilelile na sababu mbili, zote zina mashiko. Hadithi haikulazimishi uchague, na ukichagua, uchaguzi wako unakwambia ulikuwa unatarajia msaada utoke kwa nani.

Pwani, ujuzi huu ulikuwa na mlango wake maalumu. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, akawa mwali, akafundwa na wanawake ndani, mbali na masikio ya wanaume na ya watoto. Hadithi imeondoa ngoma, imeondoa chumba, imeondoa hata uhakika kwamba anayefunza ni mwanamke. Lakini imebakisha sauti ya mafunzo hayo, yaani amri fupi za vitendo. Lifunge. Pita. Rafu ya chini. Mtu aliyekaa na makungwi atazitambua amri za aina hiyo, ambazo hazielezi sana kwa kuwa zinatarajia mwili wenyewe ujifunze kwa kutenda.

Ufunguo nao usipitwe. "Ufunguo umo mfukoni mwa sweta" ni sentensi ya maelekezo, lakini imebeba hadithi nyingine nzima. Pakiti ile imefungiwa, na anayekaa na ufunguo ni Mwalimu huyu. Kenya ilirekebisha sheria ya elimu ya msingi mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule taulo bila malipo; Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata. Hadithi haisemi iko upande gani wa mpaka, wala pakiti imelipiwa na nani. Inasema tu kwamba kulikuwa na mtu aliyejua siku kama hii itafika kwa mtoto fulani, akaiweka pakiti rafu ya chini kabla siku hiyo haijafika. Mwalimu aliyekuwa anahangaika na chaki hakubuni msaada papo hapo. Ukishauona ufunguo, ile koma kati ya kuchukua chaki na kuiweka inapata maana mpya: alikuwa anatafuta namna tu.

Na namna aliyoipata ni mzingo. Darasa linatolewa kwenda kuzunguka uwanja, na hesabu inayofanywa ni ya kupima ukingo wa kitu bila kugusa kilichomo ndani. Huhitaji kuwa profesa kuona kwamba hadithi yenyewe inafanya hivyo kwa jambo lake. Nisingeikandamiza sana picha hiyo, kwa sababu mwandishi naye hakuikandamiza. Hakuna mtu ndani ya hadithi anayeitambua. Inamtosha Mwalimu kama kisingizio. Mstatili wa ubaoni, ule wa mita 24 kwa 15, haukupata jibu kamwe, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza. Ndiyo alama ya kisingizio kizuri, kwamba somo la kwanza linasahaulika na hakuna anayelidai.

Halafu maji. Mapema tuliambiwa "benchi lilikuwa limelowa", kitenzi cha hali kisicho na mtendaji, kwa kuwa Rehema hakujua nani au nini kimelowesha. Darasa linaporudi, kitenzi kilekile kinarudi, "lilikuwa limelowa lote", na safari hii kimeongezwa mabenchi mawili zaidi. Ulowevu wa siri umezamishwa ndani ya ulowevu wa hadharani. Ndoo "ilikuwa imelala ubavu", tena bila mtendaji. Kiswahili kingemruhusu Mwalimu aendelee na njia hiyo: maji yamemwagika, ndoo imeanguka, hakuna wa kulaumiwa. Badala yake anasema, "Nimemwaga."

Hiyo ndiyo mara pekee katika hadithi nzima Mwalimu anajitaja kwa ni-. Hakusema nitakusaidia, hakusema najua, hakusema hata mimi. Nafsi ya kwanza aliihifadhi kwa ajili ya kosa. Na angalia kwamba hakusema uongo, maana kweli amemwaga; kitenzi hakidai kama ni kwa bahati mbaya au kwa makusudi, nalo darasa litajichagulia. Mtu mzima amejipaka uzembe mbele ya watoto ili ule ulowevu wa kwanza uwe wake. Kila mara ninapofika hapo huona hadithi ingeweza kubomoka kwa urahisi sana. Neno moja la msimulizi, kwa mfano "kwa makusudi", lingetosha.

Baada ya sifa hizi nije kwenye deni. Hadithi inaruka ofisini. Rehema anapita kizingiti, na tunapokutana naye tena yuko mlangoni, sweta kiunoni. Kilichotokea kati ya hapo, kabati, pakiti, choo, hatukukiona. Kwanza nilidhani ni staha, na staha ingetosha kama Rehema angekuwa anajua afanye nini. Lakini mwandishi mwenyewe ametuthibitishia kwamba hajui. Aliyeuliza "Nini, Mwalimu?" hawezi, dakika chache baadaye, kufungua pakiti ambayo hajawahi kuiona na kuitumia sawasawa. Hajui gundi inakaa upande gani. Hajui aibadilishe lini. Mwalimu amemweleza kilipo bila kumweleza kinatumikaje, na hadithi ikaziba pengo kwa kuruka aya.

Chanzo cha pengo hilo, nadhani, ni ule usiri niliousifu juu. Mwalimu akiwa mwanamke bayana, angeweza kwenda naye ofisini, au kumweleza kwa maneno mawili ya ndani. Akiwa mwanamume bayana, angemtuma mtoto amwite mwalimu wa kike wa darasa la jirani, na hadithi ingekuwa na mtu wa tatu. Kwa kukataa kusema Mwalimu ni nani, mwandishi amemzuilia njia zote mbili. Fani imependeza, na mtoto amebaki peke yake mbele ya kabati. Wasomaji watakaoligundua hili upesi ni wasichana wa umri wa Rehema, nao ndio wasomaji ambao hadithi ya namna hii haiwezi kumudu kuwapoteza.

Tiba ni ndogo. Pakiti nyingi za taulo huwa na picha za kuonesha matumizi. Baada ya "kuna pakiti ya bluu", Mwalimu anaweza kusema: "Nyuma yake kuna picha. Zifuate moja moja." Ni amri fupi kama zile nyingine, haimfichui Mwalimu, na inamfaa Rehema tunayemjua, mtoto wa kwanza kunyoosha mkono, anayeweza kusoma maelekezo na kuyafuata. Kisha ofisi irukwe kama ilivyorukwa. Kuruka kutakuwa kumelipiwa.

Ile aya ya mwisho haitibiki, inaondolewa tu. Si kwamba nachukia hadithi zenye funzo. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, anawapa ndugu watatu majina ya tabia zao, Adili, Hasidi na Mwivu, kwa hiyo funzo limo katika kila sentensi inayowataja, na msomaji anaingia akijua ameingia nyumba ya namna gani. Funzo la hapa limekuja na viatu vya wageni. Linasema "alijua" katika hadithi ambayo haikumruhusu mtu yeyote kujua lolote kwa sauti. Linataja "kukua" na "aibu" baada ya kurasa mbili za kuvizunguka. Linampa Mwalimu nishani ya mzazi wa pili, mtu aliyefanya kila awezalo asionekane ametenda jambo. Na wakati: "tangu siku hiyo" inatutoa darasani kwenda kwenye miaka ijayo, huku hadithi yote iliyotangulia ikiwa imekaa ndani ya kipindi kimoja.

Ikiondolewa, hadithi inaishia kwenye "Mia mbili na nane", na jibu ni sahihi: 64 na 40 ni 104, mara mbili ni 208. Rehema aliachwa darasani eti aandike majibu. Hakuandika, na hana daftari, lakini amefika kwa wakati akasikia namba mbili, akazikokotoa akiwa amesimama. Kisingizio alichopewa na Mwalimu amekitimiza mwenyewe mbele ya darasa zima. Aliyecheka nyuma hana la kushika. Kitu ambacho sentensi ya mwisho inakitangaza kimeshatendeka tayari, tena kimetendwa na Rehema, ambapo katika sentensi ile Rehema hatendi chochote isipokuwa kujua. Nimemwandikia mwandishi afute mstari huo na aongeze ule wa picha. Amenijibu kwamba ule wa picha ataufikiria, ila huu mwingine walimu wenzake wameupenda sana.